Anapogeuka Kututazama

Mwanamke kijana amesimama nyuma ya mlango wa nyumba yake jijini London, usiku wa manane, anahema. Nje kuna mwanamume anayekaribia kubisha hodi. Kabla hodi haijapigwa, mwanamke anageuza uso, anatutazama machoni na kuanza kutueleza, haraka haraka kama anayemnong'oneza shoga yake, jinsi alivyopata ujumbe wa simu, akakurupuka kitandani, akaoga, akajipamba, na sasa itambidi afungue mlango kama mtu aliyekuwa amesahau kabisa kwamba kuna mgeni. Mlango unafunguliwa. Uso wake ni wa mtu aliyesahau. Sisi tunaojua ukweli tunacheka.

Ndivyo inavyoanza Fleabag, tamthilia ya runinga ya Uingereza iliyoandikwa na Phoebe Waller-Bridge, ambaye pia ndiye mhusika mkuu. Msimu wa kwanza ulirushwa na BBC Three mwaka 2016, wa pili ukafuata mwaka 2019, kila mmoja ukiwa na sehemu 6. Nasema mapema kwamba ina maneno na matendo ambayo si ya kutazama na watoto. Lakini sijaona kazi nyingine ya runinga iliyotumia jicho la kamera kwa akili kiasi hiki, na nataka kueleza linavyotumika, kwa sababu wengi wetu tumeicheka bila kugundua kwamba kicheko hicho kilikuwa kinatufumba macho.

Kitendo cha mhusika kuzungumza na mtazamaji huitwa kuvunja ukuta wa nne. Jukwaa la kawaida lina kuta tatu: ya nyuma, ya kulia na ya kushoto. Ya nne ni ile isiyoonekana, iliyo kati ya waigizaji na watu waliokaa. Mwaka 1758 mwandishi Mfaransa Denis Diderot aliwashauri waandishi na waigizaji wafikirie kwamba pale ukingoni mwa jukwaa pamesimama ukuta mkubwa, wacheze kana kwamba pazia halikuwahi kufunguliwa. Sinema na runinga ziliurithi ushauri huo na kuufanya karibu kuwa sheria. Jambo la kwanza analoambiwa mwigizaji mgeni mbele ya kamera ni kwamba asiitazame.

Kwetu ukuta huo haukuwa na mizizi. Mtambaji wa ngano hutuamsha kwa paukwa, nasi tunamjibu pakawa, na katikati ya hadithi anaweza kumgeukia mtoto anayesinzia akamuuliza sungura amekwenda wapi. Penina Muhando alipoandika Nguzo Mama alimweka Bi Msimulizi jukwaani aseme na watazamaji, na hakuna aliyeshangaa. Kwa hiyo msomaji anaweza kuuliza, jipya liko wapi?

Jipya liko katika mahali anaposimama msemaji. Mtambaji yuko nje ya hadithi. Sungura na fisi hawamsikii kwa sababu hayupo porini pamoja nao, yuko kwenye mkeka pamoja nasi. Fleabag yuko ndani. Ameketi mezani na baba yake, dada yake na mke mtarajiwa wa baba yake, anatafuna chakula kile kile, kisha anageuka nusu sekunde, anatuambia neno, na kurudi mezani. Walioketi naye hawajaona kitu. Ana miguu miwili, mmoja kwenye mkeka wetu na mwingine porini, na wenziwe wote wanadhani ana mmoja. Kichekesho na mashaka ya kazi hii vyote vinatoka hapo.

Tuanze na kichekesho. Kuna mtu wa familia yako ambaye unajua atakachosema kabla hajafungua kinywa. Tuchukue mfano wa kubuni. Msichana wa miaka thelathini amefika nyumbani kwa shangazi yake na ameandaliwa chai. Shangazi anamimina, anasukuma sahani ya vitumbua, anaketi, anavuta pumzi.

Namna ya kwanza: msichana anageukia kamera na kusema, "Sasa ataniuliza nitaolewa lini." Anarudisha macho mezani. Shangazi anasema, "Haya mwanangu, pilau tutakula lini?" Tunacheka. Swali la shangazi lenyewe si la kuchekesha, tumelisikia mara mia. Kinachochekesha ni kwamba lilitabiriwa likaja, na kwamba tulikuwa tunalingoja pamoja na msichana huku shangazi akijiona mjanja kwa kuzungukia kwenye pilau.

Namna ya pili: shangazi anauliza kwanza, kisha msichana anageuka na kusema, "Kila mara ananiuliza hivi." Hapa kicheko kinapungua au kinakufa kabisa, kwa sababu msichana anatueleza kitu tulichokwisha kukiona. Ni sawa na mtu anayefafanua kitendawili baada ya kukitegua.

Namna ya tatu: shangazi anauliza, msichana hasemi neno, ila macho yake yanaigusa kamera mara moja na kurudi kwenye kikombe. Hii inaweza kuchekesha kuliko zote, lakini kwa sharti moja. Lazima tuwe tumeshamzoea. Lazima awe ametuambia mengi hapo nyuma hata tukaweza kujaza wenyewe neno ambalo hakulisema. Fleabag anaanza kwa maneno mengi, na kadiri sehemu zinavyosonga, mara nyingi jicho tu linamtosha.

Utendaji wenyewe ni mgumu kuliko unavyoonekana. Binadamu ni hodari mno wa kutambua macho ya mwenzake yanaelekea wapi. Mwigizaji akimtazama mpiga picha badala ya lenzi, au ukingo wa lenzi badala ya kitovu chake, tunahisi kwamba anasema na mtu mwingine aliyesimama begani mwetu. Utaliona kosa hili katika vichekesho vinavyorekodiwa kwa simu. Mchekeshaji anajitazama usoni kwenye kioo cha simu ilhali lenzi iko juu, pembezoni, basi macho yake yanaonekana yameshuka kidogo, na ule utani wa siri unapotea bila yeye kujua sababu. Ukirekodi, ziba kioo kwa karatasi uache lenzi peke yake, kisha linganisha. Tofauti utaiona mara moja.

Kuna na kazi ya wenzake. Wale wanaoketi mezani na Fleabag hawatakiwi kusubiri amalize kutuambia. Wakisimamisha mazungumzo hata kidogo, tunajua kwamba wanamsikia. Mwigizaji mwingine lazima aendelee kutafuna, kuvuta kiti, kuvuta pumzi, na pengo ambamo Fleabag anapenyeza neno lake liwe pengo ambalo lingekuwepo hata bila yeye. Ndiyo maana maneno yake kwetu ni mafupi na ya kasi. Anaiba nafasi, na mwizi hakai sana mahali.

Kutoka kicheko tunaingia kwenye imani, maana viwili hivi vimefungwa kamba moja. Kila utabiri unaotimia ni ushahidi kwamba msemaji anawajua watu wake. Baada ya tabiri tano au sita tumeshampa hakimu wetu wa ndani likizo. Akituambia kwamba fulani ni mwongo, tunamwona mwongo. Akituambia mama wa kambo anamchukia, hatuombi kusikia upande wa pili. Zaidi ya hapo, ametuchagua sisi. Chumba kizima kina watu, wengine ni ndugu zake wa damu, naye amegeuka akatuambia sisi. Mtu aliyekupa siri humhoji.

Waingereza walilijua hili zamani, na walilitumia kwa mhusika mbaya. Mfalme Richard wa Tatu wa Shakespeare hutueleza njama zake kabla ya kuzitekeleza. Mwaka 1990 BBC ilitoa House of Cards, ambamo Ian Richardson aliigiza Francis Urquhart, mnadhimu mkuu wa chama tawala anayepanda hadi uwaziri mkuu kwa hila na damu. Urquhart naye hututazama na kutueleza. Wamarekani waliitengeneza upya hadithi hiyo mwaka 2013 na kuihamishia Washington, na jicho kwa kamera wakalichukua pia. Ajabu ya Urquhart ni kwamba anawadanganya wote isipokuwa sisi. Kwetu ni mkweli, na ukweli huo ndio unaotuchafua. Tunajua anachopanga, tunafurahia akili yake, na anapomtupa mwandishi kijana wa habari kutoka juu ya paa, tunakuta kwamba tulikuwa upande wake muda wote. Alituheshimu, nasi tukamlipa kwa kunyamaza.

Waller-Bridge alifanya kinyume. Urquhart ni mtu mbaya anayetuambia kweli. Fleabag ni mtu anayependeza, mwenye majeraha, anayechekesha, na anatuficha.

Katika sehemu ya kwanza tunajua kwamba ana mkahawa mdogo aliouanzisha na rafiki yake, Boo, na kwamba Boo amekufa. Alijua kwamba mpenzi wake amelala na mwanamke mwingine, akataka kumtia uchungu kwa kuumia kidogo, alazwe hospitali, amnyime ruhusa ya kumwona. Akaingia kwenye njia ya baiskeli. Lakini baiskeli zina kasi, zikamrusha barabarani, na watu watatu wakafa. Sasa angalia anayesimuliwa habari hii. Hatuambiwi sisi. Anasimuliwa dereva wa teksi, mgeni kabisa, usiku, na sisi tunasikia kwa kuwa tumo garini. Mtu huyu ambaye kwa dakika zaidi ya ishirini ametugeukia kutueleza kila upuuzi wa mwili wake na wa wanaume wake, jambo zito kuliko yote hakutugeukia kulisema.

Mara ya kwanza sikuliona. Nilikuwa bado nacheka.

Sehemu ya 6 ndiyo inayotufumbua. Mwanamke aliyelala na mpenzi wa Boo alikuwa Fleabag mwenyewe. Vipande vya kumbukumbu vilivyokuwa vikipita kwa sekunde moja moja tangu mwanzo vinaungana, na kamera ile ile aliyokuwa akiikimbilia sasa anaikwepa. Anarudi mkahawani, na anapofunguka hatimaye, anamfungukia meneja wa benki aliyemnyima mkopo katika sehemu ya kwanza, mtu wanayejuana kwa shida. Dereva wa teksi, meneja wa benki: maungamo yake yote mawili amewapa watu wenye mwili, waliokuwa naye chumbani au garini. Kwetu alileta utani.

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba kamera haikuwa dirisha la moyo wake. Ilikuwa mlango wa uani. Mazungumzo yakimkaribia mahali panapouma, anatoka kwa mlango huo, anatutupia neno la kuchekesha, na akirudi mazungumzo yamepita. Kicheko chetu kilikuwa kinamsaidia kutoroka. Na kwa kuwa tulicheka, tuliamini kwamba tunamjua.

Waandishi wengi wangeishia hapo, kwenye mshtuko wa kugundua kwamba msimulizi alituficha. Msimu wa pili unakwenda mbali zaidi, na ndio ulioipa kazi hii tuzo za Emmy za mwaka 2019, zikiwemo za tamthilia bora ya ucheshi, uandishi, mwigizaji mkuu wa kike, na uongozaji uliofanywa na Harry Bradbeer. Anaingia padri Mkatoliki, anayeigizwa na Andrew Scott, ambaye atafungisha ndoa ya baba yake Fleabag. Ni mcheshi, mnywaji, anaogopa mbweha. Wawili hawa wanapendana, na yeye amefunga nadhiri.

Siku moja wanatembea pamoja. Padri anamwambia kwamba angependa wawe marafiki. Fleabag anakubali, kisha kama ilivyo desturi yake anatugeukia na kusema kwamba urafiki huo hautamaliza wiki. Utani wa kawaida, tumeshausikia wa aina hiyo mara nyingi. Lakini anaporudi, padri anamtazama kwa mshangao na kumuuliza: hiyo ilikuwa nini, ulikwenda wapi?

Sijui namna nzuri ya kumweleza asiyeona jinsi swali lile linavyopiga. Kwa sehemu 9 tumezoea kwamba hakuna anayeona. Baba haoni, dada haoni, wanaume waliolala naye hawaoni. Kanuni ilikuwa imara kiasi kwamba hatukuiona tena kuwa kanuni. Na mtu mmoja anaivunja kwa sababu ndogo tu: alikuwa anamtazama. Wengine walimsikiliza Fleabag, huyu alimwangalia kwa makini hata akaona nusu sekunde ambayo hakuwepo. Baadaye analiona tena, na safari hii anageuka kutafuta anapotazama. Macho yake yanakuja kwetu. Tulikuwa wasiri, mara tunajikuta tumekamatwa dirishani tukichungulia.

Hapa ucheshi unabadilika kabisa, ingawa kifaa ni kile kile. Zamani Fleabag alipogeuka tulijiandaa kucheka. Sasa akigeuka mbele ya padri tunaingiwa na hofu kwamba ataonekana, na yeye pia anaogopa. Anaanza kukatiza maneno yake kwetu. Wakati mwingine anatutazama, anafungua kinywa, na kunyamaza. Katika chumba cha maungamo anaketi gizani na kumwambia padri kwamba anataka mtu wa kumwambia namna ya kuishi, na hayo ni maneno ambayo sisi, wasiri wake wa miaka mitatu, hatukupata kuambiwa. Na usiku ule wanapobaki wawili, anaisukuma kamera pembeni kwa mkono.

Imani inahama namna hiyo. Wakati wote tulidhani suali ni kama sisi tunaweza kumwamini Fleabag. Waller-Bridge alikuwa anauliza kama Fleabag anaweza kumwamini mtu yeyote aliye chumbani naye, na jibu lilipimwa kwa idadi ya mara anazotugeukia. Kadiri anavyopona, ndivyo anavyotuhitaji kidogo.

Nimezungumza na vijana wanaoandika vichekesho, na wengi huniambia kwamba wanapenda mhusika wao aseme na kamera kwa sababu inarahisisha: badala ya kuonyesha kwamba mtu ana wivu, anageuka tu na kusema ana wivu. Hiyo ndiyo njia ya kuiua. Ipo namna rahisi ya kupima. Chukua onyesho, futa mahali mhusika anapogeukia kamera, kisha limpe mtu asiyeijua hadithi. Akielewa yote na asikose chochote, jicho lile halikuwa na kazi. Asipoelewa kitu kabisa, jicho lilikuwa linabeba mzigo wa onyesho zima, na onyesho halijaandikwa bado. Linalotakiwa ni la katikati: aelewe kilichotokea, lakini asijue ni nani aliye upande wa nani. Maana hiyo ndiyo kazi ya jicho kwa kamera. Linachora mstari chumbani, linatuweka upande mmoja na wengine upande wa pili. Basi mwandishi ajiulize, kabla hajamgeuza mhusika wake, huyu mtu anamkimbia nani kwa kuja kwetu? Akikosa jibu, amwache akiwa amekaa mezani na shangazi yake, amjibu.

Mwisho wa Fleabag uko kwenye kituo cha basi, usiku. Amemwambia padri kwamba anampenda. Padri anampenda pia, lakini amechagua nadhiri yake, anaondoka. Fleabag anabaki kwenye benchi, analia. Kisha anasimama na kuanza kutembea kuelekea nyumbani. Kamera inamfuata, kama ilivyomfuata kwa sehemu zote 12. Anageuka, anatutazama, anatikisa kichwa polepole kutukatalia. Anatembea tena, anageuka mara ya mwisho, anatupungia mkono, anakwenda zake. Kamera inabaki pale kituoni.